Bili ya sehemu 128: kupiga asilimia kichwani bila kukosea

Ndugu wahudumu, makeshia na nyote mnaoshika bili kila siku, karibuni. Mada yetu ni asilimia inayopigwa kichwani mteja akiwa amesimama mbele yako, simu yake tayari mkononi kulipa. Nitakaa zaidi kwenye bili ya hoteli ya Kenya, kwa sababu ndani yake mna asilimia tatu zilizobanana, kisha nitagusa Tanzania na kamisheni.

Tuanze na bakshishi, ndiyo rahisi. Bili ni shilingi 3,470. Asilimia 10 yake unaipata kwa kusogeza nukta hatua moja kushoto: 347. Nusu ya hiyo ni asilimia 5, yaani 173.50. Ukizijumlisha unapata asilimia 15, ambayo ni 520 na senti. Hapo umeshamaliza, kwa maana asilimia nyingine zote hujengwa kwa hizo. Asilimia 20 ni kumi mara mbili, na asilimia 2 na nusu ni robo ya kumi.

Wengi hukwama kwa kuogopa kukadiria, wakataka kufanya hesabu kwa tarakimu zote za bili. Hakuna haja. Fanya 3,470 iwe 3,500 kabla hujaanza, utapata asilimia 10 kuwa 350. Umeongeza shilingi 30 kwenye bili, lakini kwenye bakshishi umeongeza shilingi 3 tu, kwa sababu kosa nalo linakatwa asilimia ile ile. Cha kuangalia ni idadi ya sifuri, hasa kwa shilingi ya Tanzania. Asilimia 10 ya 87,400 ni 8,740. Aliyesogeza nukta mara mbili atasema 874, na hiyo ni asilimia 1. Jizoeze kuuliza: nikizidisha jibu hili kwa kumi, narudi kwenye bili?

Sasa tuingie kwenye tozo ya huduma, kwa kuwa hapo ndipo ugomvi wa wahudumu na ofisi huanzia. Bili ya hoteli nchini Kenya kwa kawaida huonyesha bei ambayo kila kitu kimeshajumuishwa. Ndani yake mna bei halisi ya chakula, VAT ya asilimia 16, tozo ya utalii ya asilimia 2, na katika hoteli nyingi tozo ya huduma ya asilimia 10. Zote tatu zimepigwa juu ya bei halisi, si juu ya jumla. Kwa hiyo bei halisi ikiwa sehemu 100, jumla aliyolipa mteja ni sehemu 128.

Chukueni bili ya shilingi 6,400. Mhudumu anaiona, anajua tozo ya huduma ni asilimia 10, anasema moyoni 640. Kwenye hesabu ya mwisho wa mwezi anakuta imeandikwa 500, anadhani ameibiwa. Hakuibiwa. Bei halisi ni 5,000, asilimia 10 yake ni 500, VAT ni 800, tozo ya utalii ni 100. Jumlisha: 6,400. Yeye alipiga asilimia juu ya kodi na tozo pia.

Uzuri wa namba 128 ni kwamba inagawanyika kwa mbili hadi mwisho bila kuacha baki. Sehemu 16 katika 128 ni moja ya nane kamili, kwa hiyo VAT inapatikana kwa kukata jumla nusu mara tatu: 6,400, halafu 3,200, halafu 1,600, halafu 800. Endelea kukata mara tatu nyingine: 400, 200, 100. Hiyo 100 ni sehemu 2 katika 128, ndiyo tozo ya utalii. Izidishe kwa tano, unapata tozo ya huduma, 500. Ni kukata nusu mara sita na kuzidisha mara moja, basi.

Tujaribu bili isiyo nyoofu, ile ile ya 3,470. Nusu yake ni 1,735, kisha 867 na kitu, kisha 434. Hiyo ndiyo VAT. Endelea: 217, 108 na nusu, 54 na robo. Tozo ya utalii ni shilingi 54 na robo, na mara tano yake ni 271. Mashine nayo itatoa 271 na senti kidogo. Aliyekata asilimia 10 ya jumla angetarajia 347, akakosea kwa shilingi 76 katika meza moja tu.

Njia hii ina mipaka yake. Inashika tu pale tozo zote tatu zipo na VAT haijapigwa juu ya tozo ya huduma. Sheria ya VAT ya Kenya huiacha nje ya kodi tozo ya huduma inayogawiwa wafanyakazi badala ya bakshishi, mradi isizidi asilimia 10 ya bei. Ikizidi hapo, au isipowafikia wafanyakazi, inatozwa kodi kama chakula. Utagundua kwenye risiti yenyewe: ukiona tozo zote tatu zipo, ile ya huduma ikiwa asilimia 10, lakini VAT imezidi moja ya nane ya jumla, basi kodi imepigwa juu ya tozo ile, na hapo una haki ya kuuliza. Mahali pasipo na tozo ya huduma, jumla ni sehemu 118 na kukata nusu hakukufikishi.

Kwa Tanzania Bara, VAT ya kiwango cha kawaida cha asilimia 18 nayo huifanya bei yenye kodi kuwa sehemu 118. Kosa la kawaida ni kupiga asilimia 18 ya jumla. Kwa 118,000 utapata 21,240, ilhali VAT iliyomo ni 18,000. Njia ya kichwani ni kuchukua asilimia 10 ya jumla, kuongeza nusu yake, kisha kuongeza robo ya asilimia moja: 11,800, na 5,900, na 295. Jumla ni 17,995, pungufu kwa shilingi 5 tu.

Nimalizie na kamisheni, kwa sababu kosa lake ni lile lile likiwa limegeuzwa. Mwenye nyumba ya wageni anataka abaki na 8,500 baada ya wakala kuchukua asilimia 15. Anaongeza asilimia 15 juu ya 8,500, anaandika bei 9,775. Wakala anakata asilimia 15 ya 9,775, siyo ya 8,500, na mwenye nyumba anabaki na takriban 8,309. Bei sahihi ni 10,000.

Kwa kamisheni ya asilimia 10, ongeza moja ya tisa ya unachotaka kubaki nacho. Kwa asilimia 20 ongeza robo, kwa asilimia 25 ongeza theluthi. Asilimia 15 haina sehemu nyepesi namna hiyo, kwa hiyo ongeza moja ya sita, kisha weka asilimia moja zaidi: 8,500 na 1,417 na 85, inafika 10,002. Kabla ya kuitangaza bei, ikate kamisheni mwenyewe. Toa 1,500 kwenye 10,000, zinabaki 8,500 ulizozitaka.