Babu Haguswi: seva kubadilishwa badala ya kupachiwa

REHEMA: Karibuni tena jamani. Leo tulipanga kutengeneza imeji ya mashine, yaani kiolezo cha kuwashia seva mpya, hatua kwa hatua, nina karatasi yangu hapa imejaa, ila Baraka kaja na stori ya wiki yake nikamwambia aanze nayo.

BARAKA: Asante dada. Kuna jamaa waliniita niwakagulie seva zao, ziko saba, zote Ubuntu, zote nyuma ya lodi balansa moja na zote zinafanya kazi ileile. Walikuwa wameshapachi tundu la OpenSSL, laibrari ya usimbaji, ukiuliza `apt` inakuambia toleo jipya kote. Mimi nikaingia moja baada ya nyingine nikapiga hii:

```
sudo lsof | grep DEL | grep libssl
```

Sita kimya. Ya saba ikamwaga mistari skrini nzima.

REHEMA: Waeleze watu hiyo mistari ina maana gani.

BARAKA: Ukipachi, faili la zamani la laibrari linafutwa kwenye diski linawekwa jipya, sawa? Lakini prosesi iliyowashwa kabla ya hapo bado imelishikilia lile la zamani kwenye memori. Kwa hiyo Nginx ya seva ile ilikuwa inahudumia wateja kwa OpenSSL ileile yenye tundu, na ripoti inasema imepona. Mpaka uizime uiwashe. Nikauliza, mbona hii hamkuiristati? Kijana mmoja akanijibu taratibu kabisa, "Kaka, huyo ni Babu. Babu haguswi."

REHEMA: Babu! Hahaha, wamempa na jina.

BARAKA: Lipo hadi kwenye dashibodi yao. Ana zaidi ya miaka 2 hajabutiwa, kila aliyepita pale kamwongezea kitu kwa mkono na hakuna aliyeandika popote. Wanaogopa akilala haamki.

REHEMA: Na wana haki ya kuogopa.

BARAKA: Kabisa. Usiku tukamtoa kwenye lodi balansa tukambuti. Akaamka vizuri tu, apu ikawaka, helticheki ikapita, watu wakaanza kushangilia. Nikawaambia ngojeni, nikapiga `findmnt /data`, haikurudisha kitu. Diski ya faili za wateja mtu aliimaunti kwa mkono zamani, kwenye `/etc/fstab`, orodha ya diski za kumaunti mashine ikiwaka, haimo. Yaani Babu angerudi kazini angekuwa anaandika faili za wateja kwenye folda tupu ya diski ya mfumo, na hakuna alamu ambayo ingelia mpaka diski ijae.

REHEMA: Ndiyo maana mimi nasema seva ukishaiwasha usiibadilishe tena. Unataka pachi, unatengeneza imeji mpya, unawasha mashine mpya kutoka kwenye hiyo imeji, unahamisha trafiki, ya zamani unaiua. Kitu ambacho hakipo kwenye skripti ya imeji hakipo kabisa, kwa hiyo diski isiyo kwenye fstab unaigundua siku ya kwanza, haingoji miaka 2.

BARAKA: Subiri, Babu ana wajukuu.

REHEMA: Acha!

BARAKA: Haki ya Mungu. Walisikia habari za imeji, wakampiga Babu snapshoti, wakawasha mashine mbili mpya kutoka kwake kwenye Proxmox yao. Zikawa zinanyang'anyana IP moja, hii ikipanda ile inadondoka.

REHEMA: `/etc/machine-id`.

BARAKA: Hiyohiyo! Zote zilirithi namba ya Babu. Ubuntu inatumia ile namba kutengeneza kitambulisho cha kuombea IP, na DHCP ya pale inaangalia hicho kitambulisho, haiangalii MAC, kwa hiyo kwake ni mashine moja inaomba tena. Na funguo za SSH za seva nazo ni za Babu, mjukuu na babu hutofautishi.

REHEMA: Sasa hapo ndipo watu wengi wanapokosea, na nitakaa hapa kidogo. Kumpiga Babu snapshoti si kutengeneza imeji, umehamisha magonjwa yake tu. Anza na imeji safi ya Ubuntu, zana ya Packer inawasha mashine ya muda, inaendesha skripti yako, inaizima, inachukua snapshoti, inaifuta ile mashine. Na mwisho wa skripti, kabla ya snapshoti, unafuta utambulisho:

```
sudo cloud-init clean --logs
sudo rm -f /etc/ssh/ssh_host_*
sudo truncate -s 0 /etc/machine-id
```

Ile ya tatu inaliacha faili tupu, usilifute. Likiwa tupu kila mashine ikiwaka inajitengenezea namba yake.

BARAKA: Wajukuu wote wanapata vyeti vyao vya kuzaliwa.

REHEMA: Haswa, hahaha.

BARAKA: Sawa, lakini dada Rehema, hapa sikubaliani na wewe moja kwa moja. Chukua tarehe 1 Julai 2024, regreSSHion imetangazwa, tundu la OpenSSH, mtu wa nje anaweza kupata ruti bila nywila. Imeji yako inachukua nusu saa kutengenezwa, bado majaribio, bado kubadilisha mashine moja moja huku unangoja koneksheni za zamani ziishe. Mimi naweka `LoginGraceTime 0` kwenye `sshd_config` za seva zote, naristati, dakika 2 nimemaliza. Imeji nitatengeneza kesho.

REHEMA: Na ule mstari nani atautoa?

BARAKA: Utatolewa imeji mpya ikija.

REHEMA: Kwenye seva zitakazobadilishwa. Ile moja iliyosahaulika inabaki nao, na huo mstari una gharama, mtu anaweza kukujazia koneksheni za SSH zisizoisha mpaka wewe mwenyewe ushindwe kuingia. Baraka, Babu alizaliwa hivyohivyo, kwa "nitafanya kesho". Mimi siku ile nafunga poti 22 kwenye fayawoli iliyo nje ya mashine, natengeneza imeji kwa utulivu.

BARAKA: Ukiwa na fayawoli ya nje. Wale jamaa hawana. Na databesi je? Terabaiti 2, utaiua nayo?

REHEMA: Mashine naiua, diski ya data naibakiza, naichomeka kwenye mashine mpya.

BARAKA: Na muda wote huo databesi imelala, wateja wanakuangalia. Pachi ndogo, naristati, sekunde kadhaa.

REHEMA: Napandisha replika kwanza.

BARAKA: Replika inayohitaji mtu anayeijua kuipandisha saa nane usiku! Hapana, kwa databesi mimi napachi palepale, na siombi radhi.

REHEMA: Na mimi sitakubali, maana databesi ndiyo mashine ambayo kila mtu anaogopa kuigusa, yaani ndiyo Babu wa kila kampuni. Kama hujawahi kuibadilisha mchana kwa hiari yako, usiku itakapokufa yenyewe utaibadilishaje?

BARAKA: Hilo ni swali la mazoezi, si la pachi.

REHEMA: Ni swali lilelile.

BARAKA: Si lilelile, dada.

REHEMA: Haya, fundi ananionyesha dakika 1. Karatasi yangu ilikuwa na kupanga namba za imeji, lini ufute za zamani, na kurudi nyuma imeji mpya ikigoma, hatujafika hata kimoja.

BARAKA: Moja tu, usifute imeji iliyopita siku unapoweka mpya. Ndiyo njia yako ya kurudi.

REHEMA: Ibaki mpaka mpya imalize angalau wiki kazini. Mengine kipindi kijacho, na Baraka atakuja na jibu la databesi.

BARAKA: Jibu nimeshalitoa.

REHEMA: Kwaherini jamani.