Kigae kimoja mezani: vyungu vya kufinyanga kwa mkono na habari zilizobaki ndani yake

(Mhadhara uliotolewa Moshi, umeandikwa kama ulivyosemwa)

Haya jamani karibuni, mliosimama kule nyuma sogeeni, viti vipo. Sina slaidi leo, nina chungu kizima hiki hapa kimetoka Usangi kule Upareni, na nina kigae hiki, kipande cha jungu lililovunjika zamani, jirani mmoja alikitoa kwenye shimo alilokuwa anachimba apande migomba. Nataka tutumie muda wetu wote kukisoma hiki kigae, ila huwezi kukisoma kama hujui chungu kinatengenezwaje kwa hiyo tuanzie huko.

Udongo unachimbwa bondeni, unaanikwa, unatwangwa, mawe na mizizi inatolewa, alafu unalowekwa. Ukiufinyanga hivo hivo ulivyo utapasuka, kwa sababu udongo laini unasinyaa sana ukikauka na mvuke hauna pa kutokea. Ndo maana wanachanganya mchanga au vigae vya zamani vilivyosagwa, zile chenga zinaacha upenyo wa mvuke, zinapunguza kusinyaa, na baadaye chungu kikiwa jikoni ufa mdogo ukianza unafika kwenye chenga unasimama. Zishikeni akilini hizo chenga maana tutazirudia.

Kitako kinaanza na bonge la udongo linalokandamizwa ndani ya kigae cha chungu kingine, ambacho mama anakizungusha taratibu huku anafanya kazi, hana gurudumu. Kisha anaviringisha kamba za udongo nene kama dole gumba, anazipanga moja juu ya nyingine, kila kamba anaibana na kuivuta chini kwa kidole ishikane na ya chini yake, ndani na nje. Akifika nusu anasimama, anaacha ukuta ukaze kidogo, maana akiendelea kupandisha wakati chini bado mbichi tumbo linabonyea lote. Akimaliza anakwangua kwa gunzi la mahindi au kipande cha kibuyu mpaka alama za kamba zipotee. Kwa macho zinapotea kweli, ila chungu kikivunjika mara nyingi kinafuata pale kamba mbili zilipokutana, hasa kama hazikubanwa vizuri, unakuta ukingo wa kigae ni laini, umeviringa, sio ule wa kukwaruza. Ukiona hivo ujue hicho kilipandishwa kwa kamba.

Njia ya mabapa, yani unasukuma udongo unakuwa bapa unakata vipande unaunganisha, hiyo ni nzuri kwa vitu vya kona, masanduku, vigae vya ukutani, na wanafunzi wa sanaa wanaipenda. Shida yake ni maungio, lazima uchanje pande zote mbili na upake uji wa udongo, na bapa likikauka upande mmoja kabla ya mwingine linapinda. Kwa chungu cha mafigani haifai kabisa, kona ndo mahali moto unapopasua, chungu cha kupikia kinataka kitako cha mviringo ili joto lisambae sawasawa, na mviringo huo huo unakaa vizuri juu ya mafiga matatu. Kwa hiyo mabapa tuyaache hapo.

Sasa kung'arisha. Chungu kikiwa kimekauka nusu, ukikigusa ni baridi lakini hakibonyei, anachukua jiwe la mtoni lililolainika anasugua, anasugua, anasugua, hii ndo kazi inayokula mchana mzima aisee. Kinachotokea ni kwamba vile vichembe vya udongo ambavyo ni bapa bapa vinalazwa vyote upande mmoja na kubanana, ndo maana uso unang'aa bila rangi yoyote. Ukiwahi, udongo unanata kwenye jiwe, ukichelewa jiwe linachana mistari myeupe na hakuna cha kurekebisha. Wengine wanapaka kwanza udongo mwekundu. Uso uliosuguliwa haupitishi maji kirahisi, lakini usidhani umeziba kabisa, unapunguza tu, na moto mkali sana wa tanuri ungeuharibu ule mng'ao. Moto wa wazi hauuharibu kwa sababu haufiki huko.

Na huo moto wa wazi ndo watu wanaoudharau. Hakuna tanuri, unapanga vyungu chini juu ya kuni, unafunika na nyasi kavu, magome, kinyesi kikavu cha ng'ombe, kutegemea na mahali, unawasha. Joto linafika nyuzi kama 600 mpaka 800 hivi na linafika haraka, pengine chini ya saa moja. Hatari kubwa iko mwanzoni kabisa, kwenye nyuzi 100, kama kuna maji yamebaki ukutani yanageuka mvuke na chungu kinarusha vipande, utasikia pa! pa! na kila pa ni hela imekwenda. Kwa hiyo kabla ya moto mkubwa vyungu vinachomwa jua kutwa nzima alafu vinapashwa kwa moto mdogo, na siku ya upepo wenye uzoefu hawachomi, upande mmoja ukipoa ghafla chungu kinapata ufa. Kikitoka unakigonga kwa kidole, kikilia vizuri kimeiva, kikitoa sauti bubu ama kina ufa ama moto haukutosha, na kisichoiva vizuri ukikiloweka kinaanza kulegea. Vile viraka vyeusi mnavyoviona hapa nje ni mahali kuni zilipogusa au hewa ilikosa. Na mkikivunja katikati ya ukuta mtakuta mstari mweusi, hizo ni takataka za mimea zilizokuwemo kwenye udongo, hazikupata muda wa kuungua zikaisha. Mwanahistoria akiuona anajua moto ulikuwa wa muda mfupi.

Haya, kigae chetu. Nimekiweka hapa nakizungusha, mliopo mbele angalieni.

Kwanza mdomo. Hiki kipande kina ukingo wa mdomo wenye urefu wa kama sentimita 12. Tuna karatasi yenye duara nyingi zilizochorwa moja ndani ya nyingine, unausimamisha ukingo juu yake unatafuta duara unaolingana nao, huu umelingana na duara wa upana wa sentimita 40. Mzunguko wa duara huo ni kama sentimita 126, kwa hiyo tuna karibu sehemu moja ya kumi ya mdomo, inatosha kuamini kipimo, ukingo ungekuwa kipande cha sentimita mbili tatu ningenyamaza. Mdomo wa sentimita 40 sio mtungi wa maji, mtungi una shingo nyembamba ili maji yasimwagike njiani na yabaki na ubaridi. Hili lilikuwa jungu ambalo mkono na kata vinaingia bila shida.

Pili, masizi. Chungu kinachokaa mafigani kinapata masizi mabegani na tumboni, kitakoni kabisa mara nyingi yanaungua yanaisha panabaki pekundu. Na ndani, kama ulikuwa unachemsha kitu cha majimaji kinabaki kimstari cheusi pale maji yalipokomea. Hiki kigae ni bega, mahali ambapo masizi yangekuwepo, na hakuna. Kwa hiyo hiki hakikuwa cha kupikia.

Tatu, na hapa ndo nilipotaka tufike. Pitisha kidole ndani. Chini ya ukingo pamesuguliwa, laini kabisa, alafu ghafla, sentimita kama sita chini, panaanza vishimo vishimo, uso wote umelika, na mpaka wake umenyooka. Vishimo hivi vinatokana na asidi. Pombe ikichachuka inatoa asidi, inaingia kwenye ukuta, inakula uso kidogo kidogo kila mara unapochachusha, juu ya usawa wa pombe hapaliki. Mwiko pia unaharibu ndani lakini mwiko unaacha mikwaruzo, na zaidi kitakoni, sio mstari ulionyooka begani.

Mzee mmoja ameuliza hapa, kwani udongo wa shambani nao si una asidi, hicho kigae kimelala ardhini miaka yote hiyo? Swali zuri sana mzee wangu. Jibu liko kwenye mahali kilipovunjikia. Ardhi haichagui, ingekula ndani, nje, na kwenye kingo zilizovunjika pia. Hizi kingo ziko salama, na nje kumesuguliwa bado kunang'aa. Kwa hiyo kililika kabla hakijavunjika.

Kusini mwa Ethiopia, kwa Wagamo, mtafiti John Arthur alichunguza vyungu vya nyumba ambazo watu bado wanaishi, akakuta vilivyolika hivi ni vya pombe, na vinapatikana zaidi kwa wenye uwezo, maana pombe inakula nafaka nyingi na maskini hana nafaka ya ziada. Mi nisingeibeba hiyo nzima nzima nikaileta kwetu. Pombe yetu ya mbege ni ndizi na ulezi, na kwenye kihamba, yani shamba la nyumbani la Wachaga, ndizi hazikosekani. Tena kuna vyombo vya mbao na vibuyu ambavyo vilioza bila kuacha kitu, kwa hiyo ukihesabu vigae peke yake unahesabu nusu ya jiko. Na maziwa ya mgando nayo yana asidi, ingawa kwa jungu la mdomo mpana hivi mi nasema pombe.

Nne, zile chenga. Angalieni hapa palipovunjika kwenye jua, mnaona vinavyometameta? Hiyo ni ulanga. Milima ya Upare ni miamba ya zamani sana iliyojaa ulanga na kwatzi, Kilimanjaro ni mlima wa volkano, mawe yake ni mengine. Kwa hiyo jungu hili kuna uwezekano mkubwa lilibebwa kutoka upande wa Upare mpaka huku, na inaendana na tunachokijua, Wachaga walikuwa wakinunua vyungu Upareni na Kahe. Ila kumetameta peke yake hakunitoshi. Maabara wanakata kipande chembamba cha milimita 0.03 mpaka mwanga unapita, ndo unayatambua madini moja moja, na udongo wa tambarare unaweza kuwa mchanganyiko wa mito kutoka pande mbili.

Umri wake siwaambii. Kilitolewa shimoni kwa jembe, tabaka lake limepotea, hakuna mkaa wa pembeni wa kupima.

Dada pale ameuliza, je unaweza kujua chakula chenyewe? Ndiyo, kwa sababu ukuta wa chungu una vitundu, mafuta yanazama humo na yanaweza kukaa maelfu ya miaka. Wanasaga kipande kidogo, wanayatoa mafuta, na kwa kupima kaboni iliyomo wanatofautisha mafuta ya nyama na ya maziwa. Jirani zetu wa Manyara, kule Luxmanda, kwenye vigae vya wafugaji wa miaka kama 3000 iliyopita, yamepatikana mafuta ya maziwa, utafiti ulitoka 2020.

Kwa hiyo ukikuta kigae shambani kwako usikioshe kwa sabuni na usikitie kwenye mfuko wa plastiki, plastiki inaacha mafuta yake. Kifunge kwenye karatasi, piga picha mahali kilipokuwa, andika kilikuwa kina gani kwenda chini, alafu mpe taarifa afisa utamaduni wa halmashauri yako, maana vitu hivi viko chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Na kama bado kipo ardhini, kiache humo humo mpaka waje.