Kileleni mteremko ni sifuri: uthibitisho wa kutazama pande mbili
(Mhadhara kwa walimu wa hisabati na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, Tanga)

Walimu wenzangu, nanyi vijana, asalaam aleikum na habari za mchana.

Kila mmoja hapa amewahi kuandika f'(x) = 0 ili kutafuta thamani kubwa kuliko zote ya fanksheni. Leo tunauliza kwa nini inaruhusiwa. Jibu la kwamba "kileleni mstari unaogusa mchoro hulala" halitoshi, maana hilo ndilo lenyewe linalotakiwa kuthibitishwa.

Tuchukue maji ya bahari hapa Raskazone. Maji yanajaa, yanasimama kidogo, kisha yanaanza kupwa. Nitatumia fomula niliyoitunga kwa ajili ya somo tu, wala si vipimo vya bandari. Tuseme t ni saa zilizopita tangu maji yalipokupwa kabisa, na kimo cha maji kwa mita, tukihesabu kuanzia hapo yalipokupwa, ni

```
f(t) = 4 - (t - 6)²/9
```

Mraba hauwi hasi, kwa hiyo f(t) haizidi 4, na inafika 4 pale t = 6 tu. Hapo ndipo maji yamejaa. Sasa tuchukue hatua ndogo h kutoka hapo, tupime maji yamebadilika kiasi gani, tugawanye kwa h. Huo ndio uwiano wa mabadiliko:

```
[f(6 + h) - f(6)] / h = (-h²/9) / h = -h/9
```

Tukienda mbele kwa h = 0.9, uwiano ni -0.1. Tukirudi nyuma kwa h = -0.9, uwiano ni +0.1. Kwa h = 0.09 tunapata -0.01, na kwa h = -0.09 tunapata +0.01. Kulia kwa kilele uwiano wote ni hasi, kushoto wote ni chanya, na pande zote mbili zinasogea kuelekea namba moja. Namba hiyo haiwezi kuwa chanya, kwa sababu ya upande wa kulia, wala haiwezi kuwa hasi, kwa sababu ya upande wa kushoto. Uthibitisho mzima umo humo. Kilichobaki ni kuuandika bila kutegemea fomula hii.

Tuseme fanksheni f ina kilele kwenye c, na c iko ndani ya kipande cha mstari wa namba, si kwenye ncha yake. Tuseme pia mteremko f'(c) upo. Kwa kuwa c iko ndani, ipo namba chanya d ambayo kila hatua h iliyo kati ya -d na d inatuacha bado ndani ya kipande, na humo f(c + h) ≤ f(c). Kwa hiyo kiasi cha sehemu yetu, f(c + h) - f(c), ni hasi au sifuri, twende kulia au kushoto. Kiasi hakibadili alama. Kinachobadili alama ni asili, yaani h.

Kulia, h ni chanya. Hasi au sifuri ukiigawanya kwa chanya, uwiano ni ≤ 0. Kushoto, h ni hasi. Hasi au sifuri ukiigawanya kwa hasi, uwiano ni ≥ 0. Hapa ndipo madaftari mengi yanapoharibika: mwanafunzi anagawanya pande zote za f(c + h) - f(c) ≤ 0 kwa h, anasahau kwamba h ni hasi, na alama ya ≤ inabaki ilivyokuwa. Dalili yake ni rahisi kuiona. Akifika mwisho ana ≤ 0 mara mbili, na hana njia ya kufika sifuri.

Sasa tuiache h iende sifuri. Kwa kuwa f'(c) upo, kikomo cha kulia kipo, cha kushoto kipo, na vyote viwili ni namba ileile f'(c). Kutoka kulia tunapata f'(c) ≤ 0, na kutoka kushoto f'(c) ≥ 0. Basi f'(c) = 0.

Naomba tusiipite haraka hatua hiyo ya kikomo. Kwa nini uwiano ulio ≤ 0 hauwezi kuwa na kikomo chanya? Tuseme kikomo cha kulia ni L, na L > 0. Maana ya kikomo ni kwamba, h ikiwa ndogo vya kutosha, uwiano unakuwa karibu na L kwa umbali usiofika L/2. Basi uwiano huo unazidi L/2, yaani ni chanya. Lakini tulishaona kwamba hauzidi sifuri. Mambo hayo mawili hayakai pamoja, kwa hiyo L si chanya. Upande wa kushoto hoja ni hiyohiyo, alama zikiwa zimegeuzwa.

Angalieni pia kwamba kwenye kikomo nimeandika ≤, sikuandika <. Katika mfano wetu wa maji, -h/9 ni chini ya sifuri kabisa kwa kila h chanya, na bado kikomo chake ni sifuri kamili. Ukiing'ang'ania alama ya < ukaivusha hadi kwenye kikomo, utapata f'(c) < 0 kutoka kulia na f'(c) > 0 kutoka kushoto, nawe utakuwa "umethibitisha" kwamba vilele havipo duniani! Kwa maoni yangu kosa hili ni baya kuliko la alama ya h, kwa sababu kila mstari unaolitangulia ni sahihi.

Sharti la kuwa ndani nalo lina kazi yake. Tuseme tunayatazama maji kuanzia t = 0 hadi t = 3 tu. Kimo kikubwa kuliko vyote tulivyoona ni f(3) = 3, kwenye ncha. Mteremko wa fomula hapo ni -2(3 - 6)/9, yaani 2/3, si sifuri. Hoja ya kushoto imesimama vizuri na inatupa ≥ 0, ila upande wa kulia haumo katika kipande, kwa hiyo hakuna kinachouzuia mteremko kuwa chanya.

Sharti la mteremko kuwepo nalo tulijaribu kwa g(t) = 4 - |t - 6|. Kilele kiko t = 6, ndani kabisa. Kulia uwiano ni -1 kwa kila h, kushoto ni 1. Zile ≤ 0 na ≥ 0 zimetimia, lakini vikomo viwili havikutani, na g'(6) haupo.

Kinyume cha kanuni hii si kweli. Fanksheni x³ ina mteremko sifuri pale x = 0, na uwiano wake ni h², chanya pande zote mbili. Haijafika kilele, inaendelea kupanda.

Kwa hiyo ukiulizwa thamani kubwa kuliko zote ya f kuanzia t = 0 hadi t = 8, usiishie kwenye f'(t) = 0. Kagua penye mteremko sifuri, penye mteremko usiokuwepo, na ncha zote mbili. Hapa f(6) = 4, f(0) = 0, na f(8) = 4 - 4/9, karibu 3.56. Kubwa kuliko zote ni 4. Na ukiulizwa ndogo kuliko zote, iko t = 0, ambako fomula inatoa mteremko wa 4/3, na mwanafunzi aliyetafuta sifuri peke yake hataiona.