Zawadi ya Vipande 500 kwa Mtahiniwa wa Miaka 14

Ndugu wazazi na walezi wenzangu, nimeombwa nizungumzie zawadi zisizohusu masomo ambazo mtoto wa miaka 14 anaweza kupewa mtihani mkubwa unapomkaribia. Sitawasomea orodha. Nitashika zawadi moja ambayo nimewahi kuinunua mara mbili, mara ya kwanza vibaya na mara ya pili vizuri, nayo ni fumbo la picha, yaani ile picha ya kadibodi iliyokatwa vipande vinavyotakiwa kuunganishwa upya.

Mtahiniwa hushinda akijibu maswali ambayo kila moja lina alama zake. Anapoinuka mezani, kichwa chake hubaki palepale, na ukimwambia apumzike atajilaza kitandani akiendelea kuwaza yaleyale. Fumbo huyapa macho na vidole vyake shughuli ya kutosha kuyasogeza mawazo hayo kando, bila kumpima kwa lolote: kipande kisipoingia hurudishwa mezani, na kazi iliyoachwa leo itakutwa kesho ilivyoachwa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumnunulia mpwa wangu fumbo la vipande 1,000 lenye picha ya bahari na mbingu. Niliona kwamba vipande vingi ni zawadi kubwa zaidi. Nilichosahau ni kwamba idadi ikiongezeka mara mbili, kazi huongezeka zaidi ya hapo, kwa sababu nafasi za kujazwa ni maradufu na kila nafasi ina vipande maradufu vya kujaribiwa. Juu ya hayo, nusu ya picha ile ilikuwa buluu tupu. Siku ya tatu nilimkuta ameinamia meza kwa uso uleule anaokuwa nao akikwama kwenye hesabu, nikajua kwamba nilikuwa nimemletea mtihani mwingine.

La pili lilikuwa la vipande 500, lenye picha ya soko: vitambaa, matunda, miavuli, kila kona na rangi yake. Lilikuwa na safu 20 za vipande 25, kwa hiyo vipande vya ukingoni, ambavyo hutambulika kwa upande ulionyooka, vilikuwa 86 tu. Jioni ya kwanza alivitafuta hivyo na kugawa vilivyobaki kwa rangi katika vifuniko vya maboksi. Jioni mbili zilizofuata aliunganisha ukingo, kisha akaingia kwenye miavuli, ambayo ilikuwa rahisi kuitambua. Tulikubaliana kuhusu dakika 25 baada ya chakula cha jioni, na kwa mwendo huo fumbo zima lilimchukua kama wiki mbili na nusu. Kwa hiyo zawadi hii ifike wiki tatu au nne kabla ya mtihani. Ikiletwa usiku wa kuamkia mtihani, itamkesha.

Kukesha ndiyo hatari yake halisi, kwa maana kila kipande kinachoingia humshawishi mtu atafute kingine. Kijana wa umri huu anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na mwili wake tayari una tabia ya kuchelewa kusinzia. Dawa yake ni kulijengea fumbo juu ya ubao au kadibodi ngumu, ili muda ukiisha lisukumwe chini ya kitanda bila kuvurugwa. Asipofanya hivyo atasema hawezi kuacha kwa kuwa meza inahitajika, na atakuwa anasema kweli.

Msimchagulie ramani ya dunia wala jedwali la elementi. Inachekesha kwamba mafumbo haya yalianzia hukohuko: katika miaka ya 1760, mchongaji wa ramani wa London aitwaye John Spilsbury alibandika ramani kwenye mbao na kuzikata kwa kufuata mipaka ya nchi ili watoto wajifunze jiografia. Mtoto wa miaka 14 huitambua hila hiyo kabla hajamaliza kufungua karatasi ya zawadi.

Mkikaa naye mezani, kaeni upande wa pili, mtafute vipande vyenu, na msiulize habari za masomo. Mpwa wangu aliniambia mwenyewe, akiwa ameinamia miavuli yake, kwamba jiometri ndiyo inayomtisha; macho yetu hayakukutana, na nadhani ndiyo maana aliweza kusema.

Ikiwa hata hivyo mtoto hali chakula vizuri, hapati usingizi, au tumbo linamuuma kila asubuhi ya shule kwa wiki mbili mfululizo, hapo zawadi haitoshi, na apelekwe kwa daktari au mshauri. Kwa wengine, kabla hamjaifunga zawadi, hakikisheni kwamba mfuko wa vipande ndani ya boksi haujafunguliwa, kwa sababu kipande kimoja kinachokosekana huonekana siku ya mwisho, wakati mtihani umeshakuwa karibu.