Dozi ya Kwanza, Siku ya Saba: Kila Awamu ya Jaribio la Dawa Inaona Nini

Mhadhara wa kozi ya famakolojia, Moshi

Habari za asubuhi. Karibuni, na mlioko nyuma sogeeni mbele kidogo, maana leo tutapiga hesabu ubaoni.

Awamu nne za majaribio ya dawa kwa binadamu mmeshazisoma. Ya kwanza ni watu wachache, mara nyingi wenye afya njema, na tunatafuta dozi inayovumilika. Ya pili ni wagonjwa mia moja hadi mia kadhaa, na tunatafuta dalili kwamba dawa inafanya kazi na kwa dozi ipi. Ya tatu ni mamia hadi maelfu, na dawa inalinganishwa na tiba iliyopo. Ya nne ni baada ya dawa kusajiliwa na kuingia mitaani. Kukariri orodha hiyo hakumsaidii mgonjwa. Kila awamu iulizeni hivi: kwa idadi hii ya watu, waliochaguliwa hivi, waliopimwa siku hizi, jaribio linaweza kuona nini, na nini kitalipita?

Tuanze na dozi ya kwanza kabisa. Hakuna binadamu aliyewahi kuimeza dawa hii. Mlichonacho ni data za wanyama. Mnatafuta dozi ya juu kabisa ambayo haikumdhuru mnyama, ile mtakayoiona kwenye nyaraka imeandikwa NOAEL. Kisha mnaigeuza iwe dozi ya binadamu. Msizidishe tu kwa kilo, kwa sababu mnyama mdogo huichoma dawa haraka kuliko mkubwa. Tunalinganisha kwa eneo la ngozi ya mwili, kwa kutumia kigezo kinachoitwa Km: panya mkubwa wa maabara ana 6, nyani aina ya makaka 12, mbwa 20, binadamu mtu mzima 37.

```
dozi ya binadamu = dozi ya mnyama × (Km ya mnyama / Km ya binadamu)
```

Mkishapata jibu, mnaligawa angalau kwa 10. Hiyo ni akiba ya usalama. Mkiwa na wanyama wa aina mbili, mnaanza na yule anayewapa dozi ndogo zaidi ya binadamu, isipokuwa muwe na sababu ya kisayansi ya kuamini kwamba mwingine anafanana zaidi na binadamu.

Sasa tuifanye kwa dawa halisi. TGN1412 ilikuwa kingamwili iliyotengenezwa kuamsha seli T kupitia kipokezi cha CD28. Makaka walipewa miligramu 50 kwa kilo bila madhara makubwa.

```
50 × (12 / 37) = 16.2 mg/kg
16.2 / 10 = 1.6 mg/kg
```

Watafiti hawakuanza na 1.6. Walishuka hadi 0.1, yaani sehemu moja ya 500 ya dozi ya nyani. Kwa mtu wa kilo 70 ni miligramu 7 tu. Kwa karatasi, hiyo ni tahadhari kubwa. Tarehe 13 Machi 2006, katika kituo cha utafiti London, wanaume sita wenye afya walichomwa dawa hiyo na wawili wakapewa plasebo. Ndani ya dakika 90 hivi maumivu ya kichwa na ya mgongo yalianza, yakafuatiwa na homa, kutapika, presha kushuka, na wote sita wakaishia chumba cha wagonjwa mahututi viungo vyao vikiwa vimeanza kushindwa. Walipona, ila mmoja alipoteza vidole.

Hesabu ilikuwa sahihi. Iliyokosea ni dhana iliyobebwa na hesabu. Nyani alichukuliwa kuwa kioo cha binadamu kwa sababu kipokezi chake cha CD28 kinafanana na chetu. Lakini zile seli T za kumbukumbu ambazo kwa binadamu zinabeba CD28 na kumwaga saitokini, yaani kemikali zinazochochea kinga ya mwili, zikiguswa, kwa makaka huwa zimeshakipoteza kipokezi hicho. Si kwamba nyani aliivumilia dawa. Kwenye seli hizo, dawa haikukuta pa kushika. Hata mngempa mara mbili, asingewaambia chochote kuhusu hatari hii.

Funzo la kiufundi ni kwamba, kwa dawa inayoamsha mfumo wa mwili, msianzie kwenye dozi isiyodhuru. Anzieni kwenye dozi ndogo kabisa inayotarajiwa kufanya jambo lolote mwilini, inayoitwa MABEL. Mnaipima kwa seli za binadamu maabara na kwa kukadiria ni asilimia ngapi ya vipokezi vitashikwa. Kwa TGN1412, makadirio yaliyofanywa baadaye yalionyesha kwamba miligramu 0.1 kwa kilo ilitosha kushika zaidi ya asilimia 90 ya vipokezi. Kulinganisha na nyani, dozi ilikuwa ndogo. Kulinganisha na vipokezi vya mwanadamu, ilikuwa karibu dozi kamili.

Kosa la pili halihitaji hata kalkuleta. Washiriki walichomwa mmoja baada ya mwingine kwa kupishana dakika 10 hivi. Fikirieni chumba hicho: wa kwanza anapoanza kushika kichwa, wa mwisho sindano imeshaingia. Siku hizi itifaki nzuri inamtanguliza mtu mmoja peke yake, pengine na mwingine wa plasebo, kisha wanasubiri, mara nyingi saa 24 au zaidi, ndipo wengine wafuate. Muda wa kusubiri unatokana na dawa yenyewe: inafika kileleni lini katika damu, na athari inayoogopwa inajitokeza baada ya muda gani. Mkikabidhiwa itifaki kwenye kamati ya maadili na hamuoni muda huo umeandikwa pamoja na sababu yake, irudisheni.

Awamu ya pili nitaipita haraka. Kosa lake la kawaida ni kuharakisha uchaguzi wa dozi. Mkipima dozi moja tu, ikafanya kazi, hamjui kama nusu yake ingetosha. Madhara ya dozi kubwa mno mtayabeba hadi awamu ya tatu na hadi dukani.

Awamu ya tatu ndiyo watu wanayoiamini kupita kiasi. Wanasikia “wagonjwa 3,000” wanaona ni bahari. Kuna kanuni fupi, iitwayo kanuni ya tatu: kama mmefuatilia watu n na dhara fulani halijatokea hata mara moja, mnaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba kiwango chake halisi hakizidi 3/n. Kwa watu 3,000, ni mmoja kwa kila 1,000. Dhara linalompata mtu mmoja kati ya 10,000 linahitaji watu 30,000 ili muwe na uhakika huo wa kuliona angalau mara moja. Na kuliona mara moja hakutoshi kulitambua, kwa sababu mgonjwa mmoja wa ini kati ya 30,000 angeweza kuugua hata bila dawa.

“Mwalimu, kwa hiyo madhara ya kawaida yote yatakuwa yameshaonekana awamu ya tatu?”

Swali zuri, na jibu ni hapana. Mfano wake umetokea kwetu, kwenye malaria. Lapdap ilikuwa mchanganyiko wa klorproguanili na dapsoni, mara moja kwa siku kwa siku tatu, dawa ya bei nafuu iliyokusudiwa kwa Afrika. Ilisajiliwa mwaka 2003. Mwaka 2008 iliondolewa sokoni. Kilichoiangusha ni majaribio ya awamu ya tatu ya dawa mpya iliyojengwa juu yake, yaani Lapdap pamoja na artesuneti, yaliyofanywa katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo. Watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD walipasukiwa chembe nyekundu za damu, himoglobini ikashuka, na baadhi wakahitaji kuongezewa damu.

Upungufu wa G6PD si jambo adimu kwetu, na kwamba dapsoni inapasua chembe za watu hao lilikuwa likijulikana zamani. Dhara la namna hii hujifichaje? Tuchukue mfano wa kufikirika. Watoto 100, kati yao 10 wana upungufu. Malaria yenyewe inashusha himoglobini, tuseme gramu 1 kwa desilita kwa kila mtoto. Wale 10 wanashuka 2.5.

```
(90 × 1.0 + 10 × 2.5) / 100 = 1.15
```

Wastani wa kundi zima ni 1.15 dhidi ya 1.0 ya dawa linganishi. Nani atashtuka kwa 0.15? Mtoto aliyeanza na himoglobini 8 na sasa ana 5.5 amemezwa na wastani. Mpaka mpime G6PD ya kila mshiriki na kuwachambua wenye upungufu peke yao, hamumuoni.

Ongezeni mambo mawili. Majaribio mengi huwakataa mlangoni watoto wenye upungufu mkubwa wa damu, kwa sababu ya usalama wao, na hilo ni haki. Lakini mtoto huyohuyo anayekataliwa ndiye atakayepewa dawa dukani baada ya usajili. Pili ni siku ya kupima. Kwenye majaribio hayo, himoglobini ilifika chini kabisa karibu siku ya 7. Ukipima siku ya 3, bado inateremka. Ukisubiri siku ya 28, uboho umeshafidia na karatasi inasema mtoto yuko sawa. Ratiba ya vipimo ni sehemu ya darubini. Mkiielekeza siku isiyo sahihi, idadi ya washiriki haitawaokoa.

Hapo ndipo awamu ya nne inapoingia, na hii nyingi mtaifanya ninyi wenyewe, kwenye hospitali za wilaya na maduka ya dawa. Tanzania, taarifa za madhara zinakwenda TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na kutoka huko zinaingia kwenye hifadhi ya Shirika la Afya Duniani inayotunzwa Uppsala, Sweden. Taarifa moja haithibitishi kitu. Taarifa zinazofanana kutoka sehemu mbalimbali huwa ishara, na ishara ndiyo inayoagiza utafiti.

Lakini ishara hujengwa na fomu zilizojazwa vizuri. Chukueni mama anayeleta mtoto kutoka Pasua, macho ya manjano, mkojo kama kola. Ukiandika “mgonjwa alipata reaksheni baada ya dawa ya malaria”, umepoteza karatasi. Andika jina halisi la dawa na nguvu yake, dozi na uzito wa mtoto, bechi namba kutoka kwenye boksi, maana huenda tatizo ni bechi hiyo tu na si dawa. Andika tarehe ya dozi ya kwanza na tarehe dalili ilipoanza, kwa sababu pengo kati ya hizo mbili ndilo linalotenganisha sababu na bahati mbaya. Muulize mama taratibu kuhusu vidonge vingine na dawa za miti shamba. Hatazitaja usipouliza, kwa kuwa kwake yeye hizo si dawa. Andika himoglobini uliyoikuta na ile ya kabla kama ipo. Na mwisho andika kilichotokea dawa iliposimamishwa.

Usisubiri uwe na uhakika ndipo utume. Fomu inaomba shaka yako, iliyoandikwa kwa tarehe.

Wiki ijayo njooni na kalkuleta. Nitawapa data za panya na mbwa za dawa moja, mtafute dozi ya kwanza, kisha mniambie ni mnyama gani kati ya hao wawili hamumwamini, na kwa nini.