Ukibonyeza Pause king'amuzi kinagoma: chunguza flashi kwanza

Habari zenu watazamaji. King'amuzi hiki hapa mezani ni cha antena, kimechomekwa flashi ya gigabaiti 32, na tuko kwenye chaneli ya HD, mpira unaendelea. Nabonyeza Pause. Picha imesimama vizuri. Nasubiri dakika chache, nabonyeza Play, na mnaona wenyewe: inacheza kidogo, inaganda, sauti inakatika, halafu inaruka na kurudi kwenye matangazo ya sasa hivi.

Kabla ya kulaumu antena, ondoa Pause utazame chaneli kawaida. Ikiwa picha ni safi, mawimbi hayana kosa. Tatizo huenda liko kwenye flashi.

Unapobonyeza Pause, matangazo hayasimami. King'amuzi kinaendelea kuyapokea na kuyaandika kwenye flashi, na ukibonyeza Play kinasoma ya nyuma huku kikiandika mapya. Hiyo ndiyo inaitwa Timeshift, na flashi inafanya kazi mbili kwa pamoja. Chaneli ya HD yenye megabiti 8 kwa sekunde ni sawa na megabaiti 1 kwa sekunde, maana biti 8 ni baiti moja. Kuandika megabaiti 1, kusoma megabaiti 1. Mtu atasema hiyo ni kidogo, flashi gani itashindwa? Tuipime.

Ichomeke kwenye kompyuta, chukua faili moja kubwa, mfano filamu ya gigabaiti 3, uinakili kwenda kwenye flashi. Usitumie picha ndogondogo, hazitakuonyesha kitu. Kwenye dirisha la kunakili la Windows bonyeza More details utazame grafu ya kasi. Angalieni hii: imeanza na megabaiti 15 kwa sekunde, safi kabisa. Lakini subirini. Imeshuka hadi 2, sasa iko sifuri, imekaa hapo sekunde kadhaa, imeamka tena. Hiyo sifuri ndiyo inayoua Timeshift. Kumbukumbu ya ndani ya king'amuzi ni ndogo, haiwezi kuhifadhi matangazo ya sekunde zote hizo yakisubiri flashi iamke, kwa hiyo vipande vinapotea na picha inaganda. Kasi iliyoandikwa kwenye pakiti mara nyingi ni ya kusoma, usiitegemee. Unachotaka ni flashi ambayo mpaka mwisho wa kunakili haishuki chini ya megabaiti 5 hivi, na haigusi sifuri.

Ukiwa hapo, endelea kunakili ile faili kwa majina tofauti mpaka flashi ikaribie kujaa, ichomoe na kuichomeka tena, kisha cheza nakala zote mpaka mwisho. Zipo flashi feki zinazojitangaza kuwa na gigabaiti 64 wakati ndani hazina hata robo yake. Zinapokea data bila kulalamika, ila ukisoma unakuta uharibifu. Hiyo usihangaike nayo, tupa.

Sasa fomati, yaani mfumo wa kupanga faili ndani ya flashi. Dalili yake ni tofauti: king'amuzi kinakataa tangu mwanzo, au hakioni flashi kabisa. Flashi za gigabaiti 64 na zaidi mara nyingi hutoka dukani zikiwa na exFAT, na ving'amuzi vingi vya bei nafuu havisomi exFAT. Hamisha vitu vyako kwanza, maana kufomati kunafuta kila kitu. Kisha tumia menyu ya king'amuzi chenyewe: ingia USB, tafuta PVR au DVR, chagua Format. Njia hii ni bora kuliko kompyuta kwa sababu king'amuzi kinachagua mfumo kinaoujua. Kama hakina chaguo hilo, kwa flashi ya gigabaiti 32 fungua Command Prompt kwenye Windows, hakikisha herufi ni ya flashi yako, yangu ni E, uandike:

```
format E: /FS:FAT32 /A:32K
```

FAT32 ina mpaka wake: faili moja haizidi gigabaiti 4. Kwa chaneli yetu ya megabaiti 1 kwa sekunde, hiyo ni saa moja na dakika kumi hivi. Ving'amuzi vingi hukata faili vipande vyenyewe, lakini chako kikisimama kila mara karibu na muda huo, fomati kwa NTFS, ikiwa kinaikubali.

Wapo watakaoamua kuweka diski ya nje. Kwa kasi inatosha kabisa, ila tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500 tu, na diski inayozunguka huweza kutaka zaidi inapowaka. Ukisikia inalia tik-tik kisha inapotea kwenye menyu, huo ni upungufu wa umeme. Tumia diski yenye adapta yake.

Haya, narudi kwenye king'amuzi na flashi nyingine iliyofaulu kipimo. Nimeifomati hapahapa kwenye menyu. Pause, tunasubiri, Play. Inatembea. Narudisha nyuma mpaka lile goli, bila kuganda. Usihamishe chaneli tu, kwa sababu kwenye ving'amuzi vingi ukihama, yote yaliyohifadhiwa kwenye Timeshift yanafutwa.