Jinsi ya kumwandikia mteja imeili ya mzigo bila vifupisho

Karibuni tena, ndugu zangu, nipo ofisini kwangu hapa Kigoma. Kazi yangu ni kutoa mizigo forodhani. Leo nakuonyesha ninavyoisafisha imeili kabla haijaenda kwa mteja asiyeijua kazi hii. Mteja wa leo ni mama mmoja wa Ujiji, fundi wa nguo, anayeleta kontena la vyerehani kutoka China. Fungua imeili, weka anwani, hayo unayajua. Tazama nilichoandika mara ya kwanza:

```
Meli ETA 12. Tuma BL na CoC tulodji TANSAD.
Fri taimu siku 14, kisha dimareji na storeji.
```

Subiri, skrini inapiga mwanga wa dirisha. Nivute pazia... sasa inasomeka.

Mwenzangu wa forodhani akiisoma hiyo ameshamaliza. Huyu mama ataambulia namba mbili tu, 12 na 14.

Anza na ETA. Usiandike "meli itafika tarehe 12", kwa sababu ETA ni makadirio. Na taja bandari! Mtu wa Ujiji ukimwambia meli inafika, macho yake yanakwenda Ziwa Tanganyika. Andika: "Meli inatarajiwa bandari ya Dar es Salaam tarehe 12, siku inaweza kusogea. Kutoka Dar mzigo utakuja Kigoma kwa treni."

BL usiifute. Hiyo ni karatasi atakayoitafuta mwenyewe kwenye bahasha, kwa hiyo mwachie jina lililochapwa juu yake: "Nitumie karatasi ya kampuni ya meli iliyoandikwa Bill of Lading, ndiyo inayoonyesha mzigo ni wako." CoC fanya vivyo hivyo, mwambie ni cheti cha ukaguzi wa ubora kilichotolewa huko mzigo ulikonunuliwa, kabla haujapakiwa. TANSAD ni fomu yangu mimi ya kutangaza mzigo forodhani, yeye haigusi. Naitoa, naandika "nikizipata nitatangaza mzigo wako forodhani". Kipimo changu ni hicho: neno atakalokutana nalo kwenye karatasi au dirishani linabaki na maelezo yake, la ofisini kwangu linaondoka.

Sasa sogea karibu, hapa ndipo nilipomuumiza mtu. Dimareji. Siku moja niliona neno gumu, nikaandika "faini ya bandari". Rahisi, sivyo? Mteja akalipa bili ya bandari, akajua yamekwisha. Kontena likafika kwake, akaligeuza stoo, na kampuni ya meli inahesabu siku. Bili ilipokuja alilia mbele yangu, na kosa lilikuwa la neno langu.

Usiite faini ya bandari. Narudia, usiite faini ya bandari! Storeji inadaiwa na bandari, kwa kulaza mzigo kwenye eneo lake. Dimareji inadaiwa na kampuni ya meli, kwa sababu kontena ni lake na limekaa bandarini kupita siku za bure. Likishatoka bandarini na halijarudi, deni linaitwa ditensheni. Madai matatu, wadai wawili. Ukiyabana kwenye neno moja jepesi umempotosha kuliko ungemwachia lile gumu. Afadhali sentensi nne:

"Kontena ni mali ya kampuni ya meli. Wametupa siku 14 bila malipo, kuanzia litakaposhushwa Dar. Zikipita watadai kwa kila siku, hata kontena likiwa kwako Ujiji, mpaka lirudi Dar likiwa tupu. Bandari nayo ina siku zake za bure na bili yake, hiyo ni tofauti."

Hizo 14 ni za mzigo huu. Zako zisome kwenye karatasi za kampuni yako ya meli, na angalia kama zinahesabu bandarini na nje kwa pamoja au mbalimbali.

Simu inateleza, ngoja niiegemeze kwenye faili. Haya.

Kabla ya kutuma namsomea dada anayetuuzia chai hapa nje. Simuulizi "umeelewa?", maana atasema ndiyo kwa heshima. Namuuliza, "Hapa unamlipa nani, na kuanzia lini?" Mara ya kwanza leo alijibu "bandari", ndiyo maana sentensi ya bandari nikaipeleka mwisho. Mimi hupendelea pia kuanza na "Shikamoo mama" badala ya "Ndugu mteja".

Natuma. Na jibu... hili hapa, limeingia tukiwa bado tunarekodi: "Marahaba mwanangu. Karatasi naleta kesho. Hilo kontena tupu, gharama ya kulirudisha Dar ni juu yangu au yako?"

Hilo swali sikuwahi kuulizwa nilipokuwa naandika dimareji. Namjibu sasa hivi.